Risasi Ndani ya Rimu

"Basi aendeshe polepole," Fidahusein alirudia, huku akijipangusa mikono kwa kitambaa kama mtu aliyekwisha kufunga kesi. "Nani kamlazimisha kukimbia?"

Kulsum alikuwa amesimama mlangoni pa gereji, mikono kiunoni, na hakuwa na nia ya kumpisha mtu. Alimwambia shemeji yake kwamba motawei, ile barabara kuu ya magari ya kasi, si njia ya kwenda kisimani. Mtu akienda maili arobaini kwa saa kule, malori yatampanda mgongoni. Fidahusein akajibu kwamba ameshughulika na magari ya watu tangu Kulsum akisuka nywele mikia miwili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kumlalamikia. Kulsum akasema huyu hapa amerudi, tena mara ya pili, na ameketi pale ofisini na koti lake mwilini.

Aliyeketi ofisini ni Teresia, nesi Mkenya aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya jirani. Alisikia kila neno, maana ukuta wa ofisi ile ulikuwa ubao mtupu, na wagombanaji hawakujali kunong'ona. Mapajani alikuwa na mfuko wa karatasi, ndani yake viatu vya mtoto, vipya, vya kufunga kwa kamba. Alipokuwa masomoni, mwanawe Jotham alilelewa na mama mmoja wa Kiingereza karibu na Northampton, kama walivyofanya wanafunzi wengi kutoka Afrika wakati ule. Sasa Teresia alikuwa amemaliza, amepata chumba Harrow kwa mwenye nyumba asiyekataa watoto, na alasiri hiyo ndiyo aliyoahidiwa kumchukua mwanawe. Mlezi alikuwa anasafiri jioni. Asipofika, mtoto atapelekwa kwa watu wengine asiowajua, na mambo yataanza upya.

Shida ilikuwa gari. Lilikuwa Kortina aliyoinunua kwa mtu aliyependa mapambo, lenye rimu pana zinazong'aa. Juma lililopita Fidahusein alimfungia matairi mapya mawili ya mbele. Teresia alipolijaribu motawei, usukani ulimtetemeka mikononi mpaka akaogopa. Alirudi, Fidahusein akayafungua magurudumu, akayapima upya, akayafunga tena na kumpa ufunguo bila Kulsum kujua. Asubuhi ile Teresia alilijaribu mara nyingine, na usukani ukatetemeka vilevile.

"Mimi silalamiki, mzee," alisema kutoka ofisini, kwa Kiswahili chake cha bara. "Nataka tu kujua kama nitafika na nirudi na mtoto."

Hapo Kulsum aliona uso wa Fidahusein ukibadilika kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kaka wa mume wa Kulsum, amefika London majira ya kuchipua baada ya nyumba na duka lake la matairi huko Kigoma kuchukuliwa na serikali. Alipewa chumba cha juu, na asubuhi ya pili akateremka gerejini akiwa amevaa ovaroli, bila kuambiwa na mtu. Mizigo yake ilikuwa masanduku mawili. Moja lilikuwa na nguo. Katika lile jingine, katikati ya mablanketi, alikuwa amefunga pimamaji lake la magurudumu: koni ya chuma inayosimama juu ya ncha, na juu yake kioo cha duara chenye kiputo ndani. Ukiliweka gurudumu juu ya koni, linainama upande ulio mzito, na kiputo kinakimbilia upande mwepesi. Unabandika risasi, vile vipande vidogo vya madini mazito, upande huo mwepesi mpaka kiputo kirudi katikati. Hakuna umeme, hakuna kelele. Nyumba walimnyang'anya, alikuwa akisema, lakini pimamaji hawakujua ni kitu gani, wakaliacha.

Tangu siku hiyo, mashine kubwa ya gereji, ile inayozungusha gurudumu kwa mota, ilifunikwa turubai. Gulamabbas, mume wa Kulsum, alisema kaka aachwe, kazi itamfariji. Kulsum aliacha. Yeye alishika ofisi, simu na wateja, na kwa miezi kadhaa hakutia mguu upande wa vifaa isipokuwa kuita watu chai. Sasa Gulamabbas alikuwa amekwenda mjini kufuata matairi, na hapakuwa na mtu wa kusema tuyaache haya tutayazungumza jioni.

"Nipe ufunguo, Teresia," alisema Kulsum. "Wewe kaa nyuma. Shemeji, kaa mbele hapa pembeni yangu."

Fidahusein aliuliza wanakwenda wapi. Kulsum akamwambia wanakwenda kuliangalia gari lake likiwa kazini, maana kulitazama likiwa limesimama kumetosha.

Walipita Stanmore, kwenye nyumba zilizounganishwa mbilimbili na bustani zilizokatwa kama nywele za askari, na Fidahusein alikaa wima, kofia mapajani. Njiani Kulsum alimwambia kitu kimoja tu: asiangalie nje, aangalie usukani. Wakaingia motawei. Maili arobaini, usukani ulitulia. Arobaini na tano, umetulia. Fidahusein akafungua mdomo kusema, na Kulsum akakanyaga mafuta.

Hamsini na tano, usukani ulianza kuhema. Haukudunda. Ulikuwa ukienda kushoto na kulia, upesiupesi, kama kichwa cha mtu anayekataa chakula. Walipofika sitini na mbili, mikono ya Kulsum ilikuwa ikitetemeka mpaka viwiko, na bangili zake zilikuwa zikilia zenyewe.

"Weka mkono hapa," alisema.

Fidahusein aliweka mkono kwenye usukani. Aliuacha hapo kwa muda. Kulsum akaongeza mpaka sabini, mtetemeko ukapungua. Akapunguza mpaka sitini, ukarudi kwa nguvu zote.

"Umeona? Una mahali pake. Chini ya hapo huusikii, juu ya hapo unapoa. Gari lenyewe lina mtikisiko wake wa asili, na gurudumu likifikia mwendo huo, wanakutana."

"Ni viungo vya usukani," alisema Fidahusein. "Vimelegea. Gari ni kuukuu."

Kulsum alitarajia jibu hilo, kwa sababu yeye mwenyewe angelitoa kama gurudumu lingekuwa lake. Hakubishana. Alitoka motawei kwenye njia ya kwenda Watford, akasimamisha gari pembeni penye nafasi, akafungua buti la nyuma. Alikuwa ametia jeki mbili kabla hawajaondoka.

"Magurudumu ya nyuma tuliyafunga mwezi wa pili, kabla hujaja," alisema. "Niliyapima mimi mwenyewe kwa mashine. Ya mbele ni yako. Tunayabadilisha: ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Kama ni viungo, mtetemeko utabaki mikononi mwangu, kwa sababu viungo hatukuvihamisha. Kama ni magurudumu, utahama nayo."

Mzee alimtazama. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akampa Teresia alishike. Kulsum hakuwahi kumwona akifanya kazi nje ya gereji, na lazima akiri kwamba ilikuwa raha kuangalia. Alipiga magoti kwenye majani yenye unyevu, akalegeza nati zote gari likiwa bado chini, akalipandisha, na gurudumu likamtokea mikononi kama mkate kutoka tanurini. Kisha la pili, kisha ya nyuma. Nati alizikaza kwa kuvuka hadi ile ya mkabala, si kwa kuzunguka, na hakuna aliyemkumbusha. Teresia alisema kwamba hospitalini kwao daktari angekuwa bado anatafuta glavu. Fidahusein alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Wakarudi motawei kuelekea nyumbani. Hamsini na tano. Usukani ulikuwa kimya mikononi mwa Kulsum. Sitini, kimya. Akaachia vidole, akaushika kwa viwili tu.

Nyuma, Teresia alisema, "Mama, sasa mtetemeko uko huku. Nimeukalia."

Fidahusein aligeuka. Teresia hakuwa akitania. Mfuko wa viatu ulikuwa ukicheza pembeni yake kwenye kiti, na sakafu ya gari ilikuwa ikivuma. Mzee aliinama akaweka kiganja sakafuni, kisha akakiweka kwenye ukingo wa kiti. Alipokaa sawa tena, aliigeuzageuza kofia mapajani mpaka Stanmore.

Kulsum alimwacha. Hakuwa mtu wa kulainisha mambo, wanawe wangekuthibitishia, lakini alijua kuna wakati mtu anahitaji maili kadhaa bila kuambiwa neno. Kitu kimoja kilikuwa kikimkera. Pimamaji la shemeji yake halikuwa bovu. Aliwahi kuliangalia: koni imenyooka, kioo kizima. Na huyu mtu hakuwa mzembe. Sasa gurudumu lililolala sawa juu ya pimamaji lilikuwa na sababu gani ya kupiga hivi?

Walipoingia uani alilala chini kando ya gurudumu la nyuma, gauni na yote, akachungulia. Upande wa nje rimu ilikuwa safi, inang'aa, haina kipande hata kimoja. Akaingiza mkono upande wa ndani. Risasi zilikuwa huko. Zote. Zimepangwa mstari mmoja kama meno.

"Shemeji," alisema akiwa bado chini. "Kwa nini umeziweka zote ndani?"

"Hivyo ndivyo zinavyowekwa."

"Nani kasema?"

Fidahusein alimtazama kama anayeulizwa kwa nini chumvi inatiwa kwenye mchuzi. Kigoma, alisema, ukibandika risasi upande wa nje, gari halifiki sokoni. Watoto wanazing'oa. Risasi ya gurudumu ndiyo inayofaa kuliko kitu chochote kuzamishia nyavu, wana koleo zao kwa kazi hiyo, na usiku mmoja gari likilala ufukweni unalikuta halina hata moja. Mwaka mmoja alipoteza wateja kwa sababu hiyo. Ndipo alipoanza kuzificha ndani, zote, ambako mkono wa mtoto haufiki, na tangu hapo hakuna aliyemwibia. Wanafunzi wake wote aliwafundisha hivyo.

"Na hakuna gari lililotetemeka?"

"Gari gani Kigoma halitetemeki?" alisema Fidahusein. "Barabara yenyewe ni mawimbi. Ukifika maili arobaini, meno yanagongana. Ukifika sitini, umeshakufa."

Teresia alicheka kwa sauti, na Kulsum naye, akiwa chini ya gari, akacheka. Kisha akainuka, akajipangusa.

"Weka gurudumu moja kwenye pimamaji lako," alisema.

Fidahusein alilifungua gurudumu akaliweka juu ya koni. Liliyumba kidogo, likatulia. Kiputo kilikaa katikati kabisa. Mzee alinyoosha kidole kukionyesha, na kidole chenyewe kilikuwa na hasira.

"Sikatai," alisema Kulsum. "Linasema kweli. Likiwa limelala, uzito umelingana pande zote. Ungelikosea hapo, gurudumu lingekuwa likidunda juu na chini. Wewe umeshaondoa kudunda. Lakini pimamaji halijui tofauti ya ndani na nje. Gurudumu hili ni pana, shemeji. Kama uzito wa tairi umezidi huku nje, na wewe ukaweka risasi zako kule ndani, ng'ambo yake, kiputo kinafurahi. Likizunguka, uzito wa nje unavuta huku na risasi za ndani zinavuta kule, kwa wakati mmoja, kila mzunguko. Halidundi. Linatikisa kichwa."

Alionyesha kwa mikono miwili, mmoja ukivuta mbele, mwingine nyuma, kama mtu anayepindua chungu. Akaongeza kwamba kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kuvuta inakuwa mara nne. Ndiyo maana mjini hakuna anayeisikia.

Kisha akaenda kona ile, akavuta turubai. Vumbi likaruka. Alilifunga gurudumu kwenye mhimili wa mashine, akakaza, akabonyeza kitufe, na mota ikaanza kuunguruma. Gurudumu likazunguka mpaka rimu ikawa sahani moja ya mwanga. Mashine ile ilikuwa na mishale miwili, mmoja wa upande wa ndani, mmoja wa nje. Kama gurudumu lingekuwa sawa, yote miwili ingelala kwenye sifuri. Yote miwili ilinyanyuka, na mashine ikaonyesha kwamba uzito wa ziada wa ndani na ule wa nje ulikuwa umeelekeana, mmoja juu wakati mwingine uko chini.

Fidahusein aliisogelea. Hakuitazama mishale kwanza. Alilitazama gurudumu likipungua kasi, kama mtu anayemtambua jamaa kwa mwendo wake. Kisha akachukua koleo na kung'oa risasi zake zote, moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni mwa ovaroli.

"Zungusha tena," alisema. "Likiwa tupu."

Kulsum alilizungusha. Sasa mashine ilidai risasi kidogo tu kwa ndani, nyingi zaidi kwa nje, na mahali pake hapakuwa mkabala; palikuwa mbalimbali, mahali ambapo hakuna kiputo ambacho kingemwonyesha mtu. Aliweka alama kwa chaki pande zote mbili. Mzee akachagua vipande na kuvipiga kwa nyundo, pigo moja kila kimoja, bila kukwaruza rimu ya watu. Walipolizungusha mara ya tatu, mishale yote miwili ililala. Walifanya na la pili. La pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Teresia alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa ya ukutani, si saa yake mwenyewe, kana kwamba ile ya ukutani ingemwonea huruma. Alisema kwa upole kwamba asipoondoka sasa hivi, hatamkuta mlezi.

Hapo ndipo kazi ilipokwama. Kulsum alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku ambayo Gulamabbas alikuwa na homa: gari lililorudi kwa mtetemeko halitoki mikononi mwao bila kujaribiwa motawei na mtu wa gereji. Kulijaribu na kurudi kungekula muda wote uliobaki. Kumwachia Teresia aende peke yake ni kumfanya yeye na mtoto wake ndio majaribio, baada ya gereji kumkosea mara mbili. Naye Kulsum hakuweza kuondoka. Wateja wawili walikuwa wanakuja kuchukua magari yao, na simu haikuwa na mtu.

"Nitakwenda mimi," alisema Fidahusein.

Kulsum alimkumbusha kwamba hana leseni ya nchi hii.

"Sitaendesha. Nitakaa nyuma yake, pale alipokaa yeye. Likitetemeka mikononi, ataniambia. Likitetemeka chini, nitalisikia mwenyewe, nimeshajua linavyokuja. Nitachukua jeki, nyundo na risasi. Tukifika salama nitarudi nao, na mtoto akilia nitamwimbia kwa Kiha cha Kigoma." Akamgeukia Teresia. "Kama utanikubali, binti. Gurudumu nililolipigia risasi mimi, nami nilikalie."

Teresia alimtazama, akatazama gari, akatazama saa. "Panda, mzee," alisema.

Kulsum alifikiri haraka. Mtu huyu, tangu afike, hakuwa amevuka barabara ya High Street peke yake. Kiingereza chake kiliishia kwenye bei na shukrani. Na Gulamabbas atarudi na kumkuta kaka yake ametumwa Northampton na mkewe. Lakini magurudumu yalikuwa sawa. Mishale haikuwa na adabu ya kumdanganya. Na kama kungekuwa na jambo dogo lililosahaulika, hapakuwa na mikono bora zaidi ya kuwa kando ya barabara kuliko hii, ambayo alikuwa ameiona asubuhi hiyohiyo kwenye majani.

"Vaa koti," alisema. "Kule baridi."

Walifunga magurudumu: yale mawili yaliyopimwa kwa mashine mwezi wa pili yakabaki mbele, haya yaliyorekebishwa sasa nyuma, ili kama lolote limebaki liende kwenye kiti cha mzee na si kwenye mikono ya dereva. Fidahusein mwenyewe alikaza nati. Kisha akaenda kwenye benchi lake, akafungua skrubu za pimamaji, akalinyanyua pamoja na koni na kioo chake.

"Hili tutalitumia kwa magurudumu ya pikipiki," alisema. "Yale membamba, lina akili nayo." Akaliweka kwenye rafu ya chini, kwa uangalifu, kiputo juu. "Na wale wengine niliowafanyia tangu nije, waambie warudi. Waambie ni Fidahusein aliyekosea. Usiseme gereji."

"Nitasema gereji," alisema Kulsum. "Gereji ndiyo iliyofunika mashine."

Fidahusein alikuwa tayari ameinama kuingia nyuma, kofia kichwani, mfuko wa vifaa mapajani na viatu vya mtoto juu yake. Teresia aliwasha gari. Walitoka uani, wakapinda kushoto kuelekea Stanmore, na mkono wa mzee ulikuwa umeshuka kutoka kwenye mfuko, kiganja kimelala bapa kwenye kiti, unasubiri.

Kulsum aliingia ofisini, akaketi, akavuta simu karibu. Wa kwanza wa kuitwa arudi, kati ya wateja wa Fidahusein, alikuwa mwenye teksi mmoja wa Wembley aliyekuwa akienda uwanja wa ndege kila siku. Alizungusha namba yake kabla kiti hakijapata joto.